Jinsi ya kuandika taito ya tasnifu: kutoka maneno 35 hadi 16 bila kupoteza kitu

Wengi wetu taito tunaiandika siku ya kwanza kabisa, kabla hata hatujajua tunatafiti nini hasa, halafu tunakaa nayo hivyohivyo mpaka siku ya kutetea. Ndo maana unakuta utafiti wenyewe ni mzuri, data zipo, uchambuzi umekaa vizuri, lakini taito inaongelea kitu kingine kikubwa zaidi au hakieleweki, na mtu anayetafuta kazi kama hiyo miaka mitatu baadaye hawezi kuipata. Hapa nachukua taito moja tu, naivunja na kuijenga upya mbele yako, ili wewe ufanye hivyohivyo na ya kwako.

Taito yenyewe hii hapa, na nikwambie ukweli, ziko nyingi sana zinazofanana nayo:

"Uchunguzi wa athari za matumizi ya teknolojia ya kisasa ya mawasiliano katika kuboresha mahudhurio ya wanawake wajawazito kwenye huduma za afya ya uzazi katika baadhi ya vituo vya afya vilivyochaguliwa vya serikali: Changamoto na matarajio"

Maneno 35. Ukiisoma kwa sauti unaishiwa pumzi, na ukimaliza jiulize, huyu mtafiti alifanya nini? Alipiga simu? Alitengeneza programu? Aliwahoji wakunga? Hujui.

Hatua ya 1: andika ulichofanya kama unamsimulia rafiki

Weka taito pembeni kabisa, usiiangalie. Chukua karatasi uandike sentensi moja, hata mbili, za kawaida, ukianza na "nili-". Huyu wa kwetu angeandika hivi: nilituma ujumbe wa simu siku mbili kabla ya tarehe ya kliniki kwa wajawazito wa vituo viwili vya afya, vituo vingine viwili sikutuma kitu, halafu nikalinganisha ni wangapi walifika siku waliyopangiwa.

Umeona? Sentensi moja ya kusimulia imesema mambo ambayo taito ya maneno 35 haikusema. Ndani yake kuna vitu vinne vya kuchomoa: kitu ulichofanya au ulichokiangalia (ujumbe wa simu wa kukumbusha), nani (wajawazito), ulipima nini (kufika kliniki), na kwa njia gani na wapi (ulinganisho wa vituo vinne). Kama utafiti wako ni wa mahojiano, hicho cha kwanza kinaweza kuwa jambo tu, mfano uzoefu wa walimu wapya darasani, sio lazima uwe umefanya kitu kwa watu. Na kama hiyo sentensi inakushinda kuiandika, basi shida haiko kwenye taito, rudi kwanza kwenye swali lako la utafiti.

Hatua ya 2: kata maneno ambayo hayasemi kitu

Sasa rudi kwenye taito ya zamani, shika kalamu, kila neno uliulize: nikikutoa, msomaji anapoteza nini?

"Uchunguzi wa" linatoka, maana kila tasnifu ni uchunguzi. Hata "utafiti kuhusu", "tathmini ya" na "uchambuzi wa" mara nyingi ni hivyohivyo, isipokuwa kama kweli ulitathmini mradi fulani kwa vigezo vinavyojulikana. "Matumizi ya" linatoka. "Ya kisasa" linatoka haraka, kwa sababu kitu cha kisasa leo baada ya miaka kumi ni cha zamani na taito yako itakuwa bado iko palepale. "Wanawake wajawazito", hapo "wajawazito" peke yake linatosha.

"Baadhi ya vituo vilivyochaguliwa" hili ndo watu wanalipenda sana, sijui linatoka wapi. Sampuli yoyote imechaguliwa, na ni baadhi, ndo maana inaitwa sampuli. Sema idadi: vituo vinne. Neno "vinne" ni moja, limefanya kazi ya maneno matatu na limekuwa la kweli zaidi.

"Changamoto na matarajio" je, alitafiti changamoto? Hapana, alihesabu waliofika kliniki. Huo mkia unawekwa kwa sababu taito nyingine nazo zinao, lakini siku ya kutetea mjumbe wa kamati ana haki ya kukuuliza sura ya changamoto iko wapi, na huna. Kila neno kwenye taito ni ahadi, lazima kuna sehemu ndani ya kazi inayoitimiza.

Halafu kuna maneno mapana mno. "Teknolojia ya mawasiliano" inabeba redio, simu za sauti, programu za simu, mitandao, vyote hivyo. "Huduma za afya ya uzazi" inabeba uzazi wa mpango, kujifungua, huduma baada ya kujifungua. Yeye alishughulika na ujumbe wa simu na kliniki ya wajawazito, basi. Watu wanaogopa kutaja kitu kidogo wakidhani kazi itaonekana ndogo, lakini msomaji akifungua kwa kutegemea teknolojia ya mawasiliano yote akakuta ni meseji tu, huyo anafunga na harudi.

Tahadhari moja hapa kabla hujakata kila kitu. Kuna maneno ya muundo wa utafiti ambayo yanafanana na haya ya kujazia lakini hayatoki. "Uchunguzi kifani" unabaki kama kweli ndo muundo wako. Kama ni mapitio ya kimfumo, mwongozo wa PRISMA wa 2020 kwenye kipengele chake cha kwanza kabisa unataka taito iseme hivyo, na kama ni jaribio ambalo watu waligawanywa makundi kwa nasibu, mwongozo wa CONSORT nao unataka litajwe kwenye taito. Sababu yake ni kwamba wanaokusanya majaribio ya aina hiyo wanayatafuta kwa maneno hayohayo.

Hatua ya 3: kagua neno linalobeba dai lako

Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo panapoharibika zaidi, na wengi hawajui kama wameharibu.

Neno "athari" linasema kitu A kimesababisha kitu B. Ili uliandike kwa amani unatakiwa uwe na muundo unaoweza kuonyesha usababishi, mfano umewagawa watu kwa nasibu, wengine wakapata ujumbe na wengine hawakupata. Mtafiti wetu hakufanya hivyo, alichagua vituo yeye mwenyewe. Inawezekana vituo viwili vilivyopata ujumbe viko barabarani na vile vingine viko mbali, watu wakafika zaidi kwa sababu ya usafiri na sio ujumbe. Anaweza kusema alikuta tofauti, hawezi kusema ujumbe ndo umeleta hiyo tofauti.

Halafu kwa Kiswahili "athari" ina shida ya pili, wasomaji wengi wakiliona wanasikia "madhara". Athari za simu kwa wanafunzi, mtu tayari anawaza mabaya. Kama ulimaanisha matokeo tu, mazuri au mabaya, tafuta neno jingine.

"Kuboresha" nalo limeshatoa jibu kabla hujapima. Kama data zingekuja kuonyesha hakuna tofauti, taito ingekuwa imekudanganya wewe mwenyewe.

Kwa hiyo linganisha neno na ulichofanya. Umepima vitu viwili ukaangalia kama vinakwenda pamoja, andika "uhusiano kati ya". Umeweka makundi mawili ukaangalia tofauti, andika "ulinganisho wa". Umekaa na watu ukawasikiliza, andika "uzoefu wa" au "mitazamo ya", na ujue haya mawili sio kitu kimoja, uzoefu ni yaliyompata mtu, mtazamo ni anavyofikiri, kwa hiyo angalia maswali yako ya mahojiano yaliuliza lipi. Huyu wetu anachukua "ulinganisho".

Hatua ya 4: vunja mnyororo wa "ya"

Huu ni ugonjwa wa taito za Kiswahili hasa. "Athari za matumizi ya teknolojia ya kisasa ya mawasiliano", hapo za moja na ya tatu mfululizo. Tatizo sio sura tu, mnyororo huo unaficha maana kwa sababu "ya" inaweza kushika nomino zaidi ya moja.

Angalia hii: "mahudhurio ya kliniki ya wajawazito". Hiyo "ya" ya pili inashika nini? Mahudhurio inachukua "ya" na kliniki inachukua "ya", kwa hiyo inaweza kuwa kliniki ya wajawazito ambayo hata waume zao wanahudhuria, au mahudhurio ya wajawazito wenyewe kwenye kliniki yoyote. Alichopima ni wajawazito kufika. Basi panga hivi: "mahudhurio ya wajawazito kliniki". "Ya" imebaki moja, na haina utata tena.

Ila "ujumbe wa simu wa kukumbusha" iache, ingawa ina "wa" mbili, kwa sababu simu haichukui "wa" bali "ya", kwa hiyo kila mtu anajua kinachokumbusha ni ujumbe. Kanuni yangu ni kwamba ukiona viunganishi viwili vya aina moja vinafuatana, jaribu kila kimoja kishike nomino ipi, na kama kinaweza kushika mbili, panga upya. Ukiona vitatu, vunja tu bila kujiuliza.

Hatua ya 5: jaribu kuitafuta kazi yako kabla haijaandikwa

Andika orodha ya majina yote ambayo mtu angetumia kwa kila kitu muhimu. Kwa ujumbe: ujumbe mfupi, ujumbe wa simu, meseji, SMS. Kwa watu: wajawazito, wanawake wajawazito, mama wajawazito, mjamzito. Kwa kliniki: kliniki, huduma za ujauzito. Halafu ingia kwenye Google Scholar utafute moja moja, ukianza na taito peke yake:

```
allintitle: ujumbe simu wajawazito
```

Amri hiyo inaleta kazi ambazo maneno yote matatu yako kwenye taito. Badilisha "ujumbe" uweke "SMS", uone. Halafu tafuta popote kwenye maandishi, na alama za kunukuu zikiwa zinashika maneno yakae pamoja:

```
"ujumbe mfupi" wajawazito kliniki
```

Unaangalia mambo mawili. Kwanza, kazi zinazofanana na yako zimetumia neno lipi, maana hilo ndo anayefuata atalitafuta. Pili, kuna mtu tayari ana taito karibu sawa na yako? Kama yupo, soma kazi yake kwanza kabla hata ya kufikiria taito. Ukipata matokeo sifuri kwa maneno yote usifurahi haraka, inawezekana wenzako wanaita hicho kitu kwa jina ambalo hujaliweka kwenye orodha, kamuulize mtu wa fani.

Sasa kuna jambo linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Hifadhidata nyingi zinakuruhusu kuweka nyota mwishoni mwa neno ili lilete maumbo yake yote, lakini maneno yetu mengi yanabadilika mwanzoni. Mjamzito na wajawazito, mwalimu na walimu, kijiji na vijiji, nyota ya mwishoni haikusaidii hapo. Kompyuta inaona maneno mawili tofauti kabisa. Kwa hiyo chagua umbo ambalo mtafutaji ataliandika, na kwa watu karibu kila mara ni wingi: wajawazito, walimu, wakulima. Lile umbo la umoja, pamoja na SMS na meseji, usiyapoteze, yaweke kwenye ikisiri na kwenye maneno muhimu chini yake, maana huko nako panatafutwa. Taito haina nafasi ya kubeba visawe vyote na wala haitakiwi.

Vifupisho navyo vichunge. Kama kila mtu anakijua kwa kifupisho kuliko kwa jina refu, sawa, mfano UKIMWI. Kifupisho ulichokitunga mwenyewe kwenye sura ya tatu kisikae kwenye taito kamwe.

Hatua ya 6: panga cha muhimu mwanzo, halafu hesabu

Kwenye matokeo ya kutafuta, hasa kwenye simu, taito ndefu inakatwa. Kwenye Google ya kawaida mara nyingi unaona herufi kama 60 hivi halafu nukta. Chukua taito yetu ya zamani uikate hapo, unabaki na "Uchunguzi wa athari za matumizi ya teknolojia ya kisasa", na hapo hujafika hata kwa wajawazito. Mtu anayetafuta kazi za wajawazito anaipita.

Sasa ya upya:

"Ujumbe wa simu wa kukumbusha na mahudhurio ya wajawazito kliniki: ulinganisho wa vituo vinne vya afya"

Sehemu ya kabla ya nukta mbili ina herufi 64 ukihesabu na nafasi, kwa hiyo hata ikikatwa inakuwa imeshasema karibu kila kitu. Baada ya nukta mbili ndo panakaa muundo na mahali. Nukta mbili itumie kwa kazi hiyo, sio kwa methali au maneno ya kupendezesha mwanzoni, kwa sababu hayo yanakula zile herufi za thamani na hakuna anayeyatafuta.

Maneno ni 16. Ni mengi? Hapa watu wanachanganyikiwa na kanuni za kuazima. Mwongozo wa APA toleo la 6 ulikuwa unashauri taito isizidi maneno 12, toleo la 7 la 2019 likaacha hiyo namba likasema iwe fupi na ilenge tu. Lakini hiyo 12 ilikuwa ya Kiingereza, sisi "wa", "ya" na "vya" kila kimoja kinahesabiwa neno. Mimi nahesabu mara mbili: maneno yote, halafu maneno mazito peke yake bila viunganishi na vihusishi. Ya zamani ilikuwa na mazito 20, hii ina 10. Mazito kati ya 8 na 12 ndo naona panakaa vizuri, chini ya 6 mara nyingi umeacha kitu, labda watu au kipimo chako.

Lakini mwongozo wa chuo chako ndo wa mwisho, ufungue uangalie kama umeweka kikomo na kama wanahesabu maneno au herufi. Ukija kugeuza kazi iwe makala, angalia tena jarida lenyewe, maana tofauti ni kubwa mno, Nature wanataka herufi 75 pamoja na nafasi, wakati PLOS ONE wanakuruhusu mpaka 250.

Na jina la mahali? Liweke kama matokeo yako yamefungwa na mahali hapo, kama ilivyo kwa huyu, ambaye ataongeza wilaya yake mwishoni. Kama ulipima uimara wa saruji maabara, jina la mji halimsaidii mtu. Miaka iweke kama kazi ni ya kihistoria au data ni za kipindi maalum, vinginevyo iache.

Hatua ya 7: mpe mtu asiyejua

Mpe mtu wa fani nyingine taito peke yake, bila maelezo, umwambie: niambie unadhani nimefanya nini. Usimsaidie. Akisema "umewatumia wajawazito meseji ukaona kama wanafika kliniki, ukalinganisha vituo", umemaliza. Akisema "umetafiti simu na ujauzito", kuna neno limepwaya, rudi hatua ya 2. Akiongeza kitu ambacho hukufanya, hapo ndo pabaya zaidi, tafuta neno lililompeleka huko.

Halafu weka taito, lengo kuu na swali kuu la utafiti kwenye ukurasa mmoja, vikae juu na chini. Maneno mazito yawe yaleyale. Kama taito inasema "mahudhurio" lengo linasema "ushiriki" na swali linasema "mwitikio", msomaji atadhani ni vitu vitatu, na mtahini atakuuliza ulipima kipi.

Hatua ya 8: kabla hujaibadilisha rasmi, na kabla hujapakia faili

Kama pendekezo lako lilishapitishwa, usibadilishe taito kimyakimya. Taito iko kwenye kibali cha maadili, iko kwenye barua za kukusanya data, iko kwenye kumbukumbu za idara. Ongea na sapavaiza, uliza kama kuna fomu ya kubadilisha, na uombe mapema, sio wiki ya kukabidhi. Kufupisha maneno kwa kawaida hakuna ubishi, ila ukibadilisha watu uliowatafiti au mahali, hayo sio marekebisho ya taito tena, ni utafiti mwingine na kibali kinaweza kutakiwa upya.

Mwisho, faili lenyewe. Nimeona tasnifu nzuri ikitokea kwenye matokeo ya kutafuta kwa jina la "Microsoft Word - sura1 final mpya", kwa sababu faili la PDF linabeba taito yake ya ndani ambayo mwandishi hakuigusa. Kwenye Word ingia `File`, halafu `Info`, utaona sehemu ya `Title`, bandika hapo taito yako kamili ndo uhifadhi kama PDF. Kwenye ukurasa wa kwanza taito iwe na herufi kubwa kuliko maandishi mengine yote, jina lako lifuate chini yake kwenye mstari wake, maana Google Scholar inatumia mpangilio huo kutambua taito ni ipi. Halafu fungua faili, nakili taito kutoka kwenye PDF uibandike mahali pengine uone kama inatoka nzima, maana fonti nyingine zinavuruga herufi, na linganisha neno kwa neno na iliyoko kwenye jalada, kwenye ikisiri na kwenye fomu ya maktaba, kote iwe ileile mpaka nukta.